Je, wajua kwa nini haidrojeni mbili za kaboni moja huonekana tofauti kwenye NMR, kipimo kinachotumia sumaku na mawimbi ya redio kuonyesha haidrojeni za molekuli?

"Asidi ya sitriki ina matawi mawili yanayofanana, na kila bondi inazunguka kwa uhuru. Mbona CH2 zake zinatoa mistari minne badala ya mmoja?"

Kwa sababu haidrojeni mbili za kila CH2 hazipo katika mazingira sawa, na kuzunguka kwa bondi hakuwezi kuyasawazisha.

Asidi ya sitriki ndiyo inayoipa ndimu ukali wake. Fomula yake ni HOOC–CH2–C(OH)(COOH)–CH2–COOH. Ukiiyeyusha katika maji mazito, D2O, haidrojeni za OH na COOH hubadilishana na deuteri, yaani haidrojeni nzito, na kutoonekana. Zinabaki nne tu, mbili katika kila tawi. Kwa pH karibu na 7, utaziona kati ya 2.5 na 2.7 ppm: mistari minne, miwili ya ndani mirefu, miwili ya nje mifupi.

Kuna jaribio la kufanya kwa kalamu tu. Chukua haidrojeni moja, uibadilishe iwe deuteri. Kisha rudi mwanzo, ubadilishe ya pili. Linganisha molekuli mbili ulizopata.

Kwa CH2Cl2 unapata molekuli ileile mara zote mbili. Haidrojeni hizo ni homotopiki, na hakuna kitu kinachoweza kuzitofautisha. Kwa CH2 ya ethanoli unapata molekuli mbili zinazohusiana kama kiganja cha kulia na cha kushoto, yaani enantioma. Hizo ni enantiotopiki. Katika kiyeyushi cha kawaida bado zinatoa ishara moja. Ili zitengane, lazima kuwe na kitu chenye ukulia au ukushoto wake, kwa mfano kiyeyushi cha namna hiyo.

Sasa rudi kwenye sitriki. Ukiweka deuteri katika tawi moja, kaboni ya tawi hilo inakuwa na makundi manne tofauti. Hata kaboni ya katikati inakuwa hivyo, maana matawi yake mawili hayafanani tena. Umepata vituo viwili vya ukulia na ukushoto kwa mpigo. Ukihamishia deuteri kwenye haidrojeni jirani ya tawi lilelile, kituo kimoja tu kinageuka, cha pili kinabaki kama kilivyokuwa. Molekuli hizo mbili hazifanani, wala hazihusiani kama kiganja cha kulia na cha kushoto: ni diasterioma. Haidrojeni zenyewe ni diasteriotopiki, na zinaweza kutoa ishara mbili hata katika kiyeyushi cha kawaida. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hufundishwa kutafuta kwanza kaboni yenye makundi manne tofauti. Sitriki haina hata moja, na bado vilele vinatengana.

Na mzunguko je? Tazama kwa kufuata bondi inayounganisha tawi na kaboni ya katikati. Nyuma kuna OH, COOH na tawi la pili. Mbele kuna haidrojeni mbili za tawi hili, tuziite Ha na Hb, pamoja na COOH yake. Ha ikikaa kati ya OH na COOH ya nyuma, COOH ya mbele inaangukia kati ya tawi la pili na OH. Zungusha mpaka Hb ikalie nafasi ileile ya Ha: sasa COOH ya mbele iko kati ya COOH ya nyuma na tawi la pili. Nafasi ni ileile, lakini majirani wamebadilika. Hakuna mkao wowote ambao Hb inapata kile hasa alichopata Ha, kwa hiyo hata wastani wa mikao yote hautakuwa sawa. Ukipasha moto, umbali kati ya vilele unaweza kubadilika, lakini hakuna sababu ya kuvilazimisha viungane.

Utajuaje kwamba mistari hiyo si uchafu? Pima kwa Hz. Mstari wa kwanza na wa pili wanaachana kwa takriban 15 hadi 16 Hz, na wa tatu na wa nne vivyo hivyo, kwa kuwa Ha na Hb zinaathiriana, na kila moja huigawa ishara ya mwenzake kuwa mistari miwili. Namba hiyo haibadiliki ukihamia mashine nyingine. Kinachobadilika ni umbali kati ya ishara mbili zenyewe: tofauti ya 0.13 ppm ni kama 50 Hz kwenye mashine ya 400 MHz, lakini ni 8 Hz tu kwenye ile ndogo ya 60 MHz. Hapo mistari ya nje hufifia hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya ndani, na mtu asiye makini huhesabu miwili tu.

Matawi yenyewe mawili ni enantiotopiki, ndiyo maana NMR inaona jozi moja ya ishara badala ya mbili. Kimeng'enya cha akonitesi, ambacho chenyewe kina ukulia na ukushoto, huyatofautisha: kati ya haidrojeni zile nne, huondoa moja maalumu tu. Mwaka 1948 Alexander Ogston alieleza jinsi hilo linavyowezekana: kimeng'enya kikishika molekuli katika sehemu tatu, matawi yanayofanana hayawezi kubadilishana nafasi.