Proteasomu si jalala

Wiki hii tena nimesahihisha majibu yale yale ya wanafunzi: "Proteasomu husaga protini zilizochakaa." Husaga, ndiyo; ni mashine ya seli ya kukatakata protini. Lakini anayeishia hapo hataelewa kamwe seli inagawanyikaje.

Chukua saiklini B, protini inayoiwezesha seli kuingia mitosisi. Siku inapovunjwa haina kasoro yoyote. Imejikunja vizuri, imeshikana na kinasi yake, CDK1, kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine, na kazi inakwenda. Inaondolewa ikiwa nzima kwa sababu zamu yake imekwisha. Kromosomu zote zikishajipanga katikati ya seli, kila moja ikivutwa na nyuzi za pande zote mbili, kizuizi kilichokuwa kikiisubirisha seli huondoka. Hapo APC/C, kimeng'enya kinachoongozwa na protini Cdc20, huanza kubandika yubikwitini, protini ndogo ya alama, kwenye saiklini B na kwenye protini nyingine, sekyurini. Mnyororo wa yubikwitini ukishatosha, proteasomu huishika protini hiyo, huikunjua na kuikatakata.

Sekyurini ndiyo iliyokuwa imeifunga separesi, kimeng'enya cha kukata. Ikitoweka, separesi hukata kohesini, pete inayoshikanisha kromatidi dada, nazo huachana. Saiklini B nayo ikitoweka, CDK1 huzimika, na seli inaweza kutoka mitosisi. Kwa nini isizimwe tu kwa kubandikwa fosfati? Kwa sababu fosfati hubandikwa na kubanduliwa, ilhali protini iliyokatwakatwa hairudi mpaka itengenezwe upya. Seli haitaki kromatidi zilizoachana zijaribu kurudi nyuma.

Anayebisha alitazame jaribio la Murray, Solomon na Kirschner la 1989. Waliondoa asidi amino 90 za mwanzo za saiklini B, sehemu yenye alama ya kuvunjwa, kisha wakaiweka katika rojo la mayai ya chura. Saiklini hiyo haikuvunjika, na rojo likakwama katika mitosisi.

Hata maabara yetu ndogo huliona jambo hili. Ukiziwekea seli MG132, inayoziba proteasomu, nyingi zinazoingia mitosisi hukwama kromosomu zikiwa zimejipanga vizuri, haziachani. Na tafadhali, ukiona protini yako imeongezeka baada ya MG132, usikimbilie kuandika kwamba jeni limeamka; huenda protini imeacha tu kuvunjwa. Zuia utengenezaji wa protini kwa sikloheksimaidi, kisha pima kila baada ya dakika 30 inapungua kwa kasi gani. Nalisema hili kila muhula, na kila muhula kuna anayeniletea picha moja ya bloti.

Wengine husema kila yubikwitini ni hukumu ya kifo. Sivyo. Mnyororo uliounganishwa kupitia lisini ya 48, mojawapo ya asidi amino za yubikwitini, ndio hasa unaoipeleka protini kwenye proteasomu. Ule wa lisini ya 63 hutumika, kwa mfano, kuwaita wafanyakazi wa kukarabati DNA.

Wapo pia wanaodhani yubikwitini husagwa pamoja na mzigo wake. Kwa kawaida hubanduliwa mlangoni mwa proteasomu na vimeng'enya maalumu, ikaenda kubandikwa kwingine.