Picha ya mkono isiyo na swali

Karatasi nyingi za maombi ya eksirei zinazofika mezani kwangu hapa Bukavu hutaja kiungo tu: kifua, mkono wa kushoto, tumbo. Mahali pa kuandika sababu ya uchunguzi pameachwa wazi, au pamejazwa maneno yasiyosaidia kitu, kama vile «kwa uchunguzi zaidi». Picha zinazotumwa kwa simu kutoka vituo vya afya vya vijijini huja na maelezo machache kuliko hayo. Filamu imeshikwa mbele ya dirisha, ikapigwa picha, ikatumwa bila neno hata moja. Anayeipokea hulazimika kukisia ameulizwa nini, kisha ajibu.

Wenzangu vijana huniuliza kama inafaa kukisia au ni lazima kila mara kurudisha karatasi. Jibu langu hutegemea picha yenyewe, kwa sababu zipo picha ambazo ukikisia vibaya hupoteza dakika chache tu, na zipo ambazo kosa la namna hiyo humfikia mgonjwa, au hata hakimu, kabla hujapata nafasi ya kulisahihisha. Picha inayoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko zote ni ile inayodhaniwa kuwa nyepesi: mkono wa kushoto uliopigwa kutoka mbele.

Mkono wa kushoto huombwa kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni jeraha: mtu ameanguka, amepigwa, au ameumia kazini, na tunatafuta mvunjiko. Ya pili ni umri. Katika nchi ambamo watoto wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, mahakama huhitaji kujua kama mtu aliye mbele yake ametimiza miaka 18, kwa kuwa sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajafikia umri huo. Hapo ndipo daktari huombwa kupima umri wa mifupa, na kwa desturi hutumika mkono wa kushoto. Filamu zinazotoka katika maombi hayo mawili zinaweza kufanana kabisa, zote zikiwa na ile herufi «G» ya risasi pembeni, ya neno la Kifaransa «gauche», yaani kushoto.

Nichukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Filamu inaonyesha vidole vitano, mifupa ya kiganja, na ncha za mifupa miwili ya kigasha. Kwenye mifupa yote ya vidole na ya kiganja, ule mstari mweusi wa gegedu ambao mfupa hukulia umekwisha kuziba. Kwenye rediasi, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, mstari bado unaonekana. Mifupa midogo ya kifundo imekaa mahali pake, na hakuna ufa ninaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Nikidhani kwamba swali ni jeraha, nitaandika kwamba sioni mvunjiko na kwamba mkono ni wa kawaida. Ikiwa swali lilikuwa umri, neno «kawaida» halina maana yoyote kwa aliyeuliza, naye ataona mara moja kwamba hakujibiwa. Atapiga simu na kunieleza anachotaka, na mimi nitaisoma filamu upya. Kosa hili hujionyesha lenyewe, na gharama yake ni kucheleweshwa kwa faili.

Nikidhani kinyume chake, mambo hubadilika. Kijana ameanguka juzi akitanguliza kiganja chini, kifundo kinamuuma upande wa kidole gumba, na mimi nimeandika kuhusu mistari ya ukuaji. Muuguzi anayeisoma ripoti haoni popote neno «mvunjiko», naye huamua, kwa haki kabisa, kwamba hakuna. Lakini picha moja ya kutoka mbele haitoshi kuuona mpasuko wa skafoidi, mmoja wa mifupa midogo ya kifundo, upande wa kidole gumba. Mfupa huo huhitaji picha za pembe nyingine, mojawapo ikipigwa mkono ukiwa umeinamishwa upande wa kidole kidogo, na hata picha zikikamilika, baadhi ya mivunjiko ya skafoidi haionekani siku za mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa mwenye maumivu ya mahali hapo hufungwa plasta hata filamu ikiwa safi, kisha hupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya mfupa huu huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigasha, kwa hiyo ukipasuka katikati na usitunzwe, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Kijana anayetegemea mikono yake kubeba mizigo atalipa gharama hiyo miaka mingi, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilianzia kwenye karatasi isiyokuwa na sababu.

Kosa baya kuliko hilo, kwa maoni yangu, ni kuandika umri ambao hukuombwa, au kuuandika bila kujua unamwandikia nani. Mkono niliouelezea hapo juu, wenye vidole na kiganja vilivyoziba na rediasi iliyo wazi, ukilinganishwa na picha za kitabu cha Greulich na Pyle ambacho wengi wetu tunakitumia kupima umri wa mifupa, unaangukia karibu na miaka 17 ikiwa ni wa mvulana na karibu na miaka 15 ikiwa ni wa msichana. Filamu haisemi ni wa nani. Msomaji aliyekisia jinsia amekisia miaka miwili. Zaidi ya hapo, picha za ulinganisho zilitoka kwa watoto wa Marekani, wengi wao wa familia zenye uwezo, waliopigwa picha kabla ya katikati ya karne ya 20, na hata miongoni mwa watoto wenye umri uleule unaojulikana, mifupa hutofautiana. Mwaka mzima wa tofauti juu au chini ni jambo la kila siku, na miwili haishangazi. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha au aliyeugua muda mrefu mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo jibu la kweli huwa ni masafa ya miaka, wala si tarakimu moja.

Lakini tarakimu ikishaandikwa kwenye karatasi yenye muhuri, haibaki mahali pake. Mwendesha mashtaka hunakili «miaka 17», karani hunakili alichoandika mwendesha mashtaka, na yale maneno ya tahadhari yaliyoizunguka huanguka njiani. Tofauti na lile neno «kawaida», tarakimu haimshtui msomaji, kwa sababu inaonekana kama jibu kamili hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha uzito wa kukisia: je, jibu lisilo sahihi litamfanya anayelipokea aulize tena, au litamfanya aendelee na safari yake akiwa ameridhika?

Kipimo cha pili kinahusu picha ambazo bado hazijapigwa. Filamu ya mkono inaweza kusomwa mara kumi bila kumdhuru mtu. Skana ya CT haiko hivyo, kwa sababu swali ndilo linaloamua picha itapigwaje. Mgonjwa aliyeanguka ghafla na kupooza upande mmoja anahitaji picha ya kichwa bila dawa ya kung'arisha mishipa, kwa sababu damu mbichi ndani ya ubongo huonekana nyeupe, na dawa yenye iodini nayo huonekana nyeupe. Fundi aliyekisia kwamba anatafutwa uvimbe, akaanza moja kwa moja na dawa, amechanganya weupe wa aina mbili ambao baadaye ni vigumu kuutenganisha. Tumbo nalo, kwa anayetafuta mawe ya figo, hupigwa bila dawa. Ukipiga sekunde 70 baada ya kudunga dawa bado utayaona mengi yaliyo makubwa kidogo, lakini ukingoja dakika kadhaa mpaka dawa iingie kwenye njia ya mkojo, jiwe linazama ndani ya weupe huo. Kurudia kunamaanisha mionzi tena, ambayo kwa skana moja ya tumbo ni takriban milisieverti 8 hadi 10, ilhali picha ya kifua kutoka nyuma ni kama 0.02. Kwa familia nyingi hapa, kurudia kunamaanisha pia kutafuta fedha ambazo tayari zimekwisha. Kwa hiyo kwenye skana sikubali karatasi tupu. Mgonjwa akiwa amesimama mlangoni, yeye mwenyewe au mama yake anaweza kuulizwa kinachomsumbua, na hilo mara nyingi linatosha.

Kifua ndicho mahali ambapo nakubali kudhani bila wasiwasi mkubwa. Karatasi ikisema «kifua» peke yake, nasoma kama kwamba nimeulizwa kuhusu kikohozi na homa: nimonia, dalili za kifua kikuu, maji au hewa nje ya pafu, ukubwa wa moyo. Nafanya hivyo kwa sababu mpangilio wa kusoma ni uleule kwa karibu kila swali, eneo lote limo ndani ya filamu, na nikikosea swali, jibu la lile sahihi kwa kawaida tayari limo ndani ya ripoti. Hata hivyo naandika juu kabisa: «Sababu haikutajwa. Imesomwa kwa kutafuta ugonjwa wa mapafu na moyo.» Sentensi hiyo inamwezesha muuguzi aliyetaka kitu kingine kujua kwamba hakukipata.

Kwa mkono wa kushoto usio na maelezo, kwanza napiga simu. «Daktari, ni yule wa kesi,» au «ni mtoto wa mwashi, ameanguka,» na jambo limekwisha kwa gharama ya vocha kidogo. Simu isipopokelewa, na mara nyingi mtandao haupatikani, nasoma upande wa jeraha tu, kwa kuwa ndio unaoweza kuharibika leo. Naeleza kwamba picha moja haitoshi kuondoa mvunjiko wa skafoidi, na kwamba palipo na maumivu upande wa kidole gumba, mkono ufungwe na upigwe picha tena. Kuhusu umri siandiki chochote, hata kama mistari ya ukuaji inaonekana wazi, mpaka niletewe ombi lenye jinsia, jina la anayeuliza, na filamu yenyewe badala ya picha ya simu, kwa sababu mstari mwembamba wa rediasi ndio wa kwanza kupotea picha inapobanwa ili ipite kwenye mtandao.

Hata kwenye kifua dhana yangu ina mipaka. Mbavu zilizovunjika huonekana vibaya kwa nguvu ya umeme tunayotumia kwa mapafu, ambayo huzidi kilovolti 100, na hivyo ripoti yangu ya «kifua» haipaswi kusomwa kuwa mbavu ni nzima. Na mtoto mdogo aliyeanza kukohoa ghafla akiwa anakula karanga anaweza kuwa na filamu safi kabisa ikipigwa akiwa amevuta pumzi, kwa sababu karanga haionekani kwenye eksirei, na pafu lililozibwa hujitambulisha pale tu anapotoa pumzi na lenyewe likabaki limejaa hewa. Picha hiyo ya pili hakuna fundi atakayeipiga kwa karatasi iliyoandikwa «kifua» peke yake.