Mwenge sio tyubulaiti mbovu: dhana potofu kuhusu mwanga wa moto kwenye gemu

Juzi nimeletewa tena gemu ya Godot yenye korido ndefu na mienge minne ukutani, jamaa anataka nimsaidie "mwanga uonekane wa moto kweli", na kabla sijafungua skripti nilishajua ndani kuna nini, manake ukuta mzima ulikuwa unapepesa kama tyubulaiti ya hoteli iliyokaribia kufa. Nikafungua, nikaikuta, mstari mmoja:

```gdscript
light_energy = randf_range(1.0, 3.0)
```

Ndani ya `_process`, kila fremu. Huu mstari nimeukuta kwa wanafunzi, kwa wateja, mpaka kwa watu waliokaa kwenye hii kazi miaka, na nikiuliza sababu jibu ni lile lile. Basi leo niliandike vizuri nisirudie tena.

Dhana: "Moto hauna mpangilio, kwa hiyo namba mpya ya kubahatisha kila fremu ndo uhalisia wenyewe."

Hii ndo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inasikika kama ina akili. Hapana. Moto hautabiriki, sawa, lakini kutotabirika sio kuruka ruka. Umeme ukikatika washa mshumaa au kibatari, weka kikombe mbele yake, halafu usiangalie moto, angalia kivuli cha kikombe ukutani. Kivuli kinaenda pembeni kidogo, kinarudi, kinatulia, mtu akipita kinainama chote halafu kinanyanyuka taratibu. Hakuna wakati kinatoka kushoto kabisa kwenda kulia kabisa bila kupita katikati. Ule moto ni hewa ya moto inayopanda, ina mwendo wake, kwa hiyo mwanga wa sasa hivi unategemea ulikuwaje punde tu iliyopita. Moto una kumbukumbu. Na `randf_range` haina kumbukumbu hata chembe: fremu hii inakupa 1.1, inayofuata 2.9, inayofuata 1.4, na hakuna moto wa namna hiyo duniani.

Na ubaya hauishii hapo, kwa sababu ukibadilisha namba kila fremu maana yake kasi ya moto wako inaamuliwa na kompyuta ya mchezaji. Jamaa wa korido alikuwa anabishana na mwenzake, yeye kwenye laptopu inayokokota fremu 30 kwa sekunde anaona mienge inapiga kama taa za disko, mwenzake mwenye monita ya 144 anasema mbona kwangu imetulia tu. Wote wako sahihi! Kwenye fremu 144 kila namba inakaa kama milisekunde 7 tu, jicho linazichanganya zote linaona wastani, yaani 2.0 yenye ukungu ukungu wa kutetemeka. Skripti moja, mioto miwili tofauti. Kujipima ni rahisi, weka `Engine.max_fps = 20`, angalia ukuta dakika moja, halafu weka 120. Tabia ya moto ikibadilika, umekosea.

Dawa yake ni noizi, sasa tuone inafanya nini tofauti. Noizi ya aina ya Ken Perlin, aliyoichapisha 1985, ni kama ramani ya vilima: ukiuliza urefu wa sehemu fulani inakujibu, ukisogea kidogo jibu linabadilika kidogo, ukisogea mbali ndo unakuta kilima kingine kabisa. Wewe unatembea juu ya hiyo ramani kwa kutumia muda. Fremu zikiwa nyingi unapiga hatua fupi fupi, zikiwa chache hatua ndefu, ila njia ni ile ile na vilima ni vile vile. Chora namba za mstari ule wa kwanza kwenye grafu utaona meno ya kitana, chora za noizi utaona vilima na mabonde.

Lakini kilima kimoja hakitoshi, ukitumia tabaka moja tu mwanga unapanda na kushuka kama mtu aliyelala anapumua. Ndo tunapoweka matabaka. Na kasi za matabaka usizikisie tu, moto wenyewe unakuambia. Wanaopima mioto wana kanuni rahisi: mara ambazo moto unapuliza kwa sekunde ni takriban 1.5 gawanya kwa kipeuo cha pili cha upana wa chini ya moto, kwa mita. Mwenge wenye kichwa cha sentimita 10 unapata 1.5 gawanya kwa 0.316, inakuja karibu 4.7. Moto wa kambi wenye upana wa mita moja unapata 1.5 tu, ndo maana moto mkubwa unaonekana mzito na mdogo una haraka haraka. Kwa hiyo kwa mwenge tabaka la kati liende karibu 4 au 5, chini yake weka la taratibu kwa ajili ya hewa ya chumba, juu yake la haraka lakini dogo sana. Korido ile nikaiandika hivi:

```gdscript
extends OmniLight3D
var n := FastNoiseLite.new()
var t := 0.0

func _ready():
    n.seed = randi()
    n.frequency = 1.0
    n.fractal_type = FastNoiseLite.FRACTAL_NONE

func _process(delta):
    t += delta
    var pole = n.get_noise_2d(t * 0.4, 0.5)
    var kati = n.get_noise_2d(t * 4.5, 20.5)
    var kali = n.get_noise_2d(t * 10.0, 40.5)
    var jumla = 0.25 * pole + 0.12 * kati + 0.04 * kali
    light_energy = 2.0 * (1.0 + jumla)
```

Namba ya pili kwenye `get_noise_2d` inatenganisha matabaka tu, kila moja linatembea mstari wake kwenye ramani. Angalia uzito: la taratibu ndo kubwa, la haraka ni dogo. Watu wanageuza, wanaweka uzito mkubwa kwenye la haraka, wanarudi kwenye disko. Na namba ya kubahatisha ipo bado, ila inatumika mara moja tu kwenye `_ready` kuchagua ramani, na hapo ndo mahali pake. Ukiisahau hiyo `seed`, mienge yote minne inacheza pamoja kama wanakwaya, na jicho la mtu linalikamata hilo ndani ya sekunde mbili.

Dhana: "Noizi nimejaribu, haifanyi kazi."

Inafanya. Kwenye Godot `frequency` ya `FastNoiseLite` inaanza na 0.01, ukiipa muda kwa sekunde bila kuigusa inabidi usubiri kama sekunde 100 kuvuka kilima kimoja. Mtu anaona taa imeganda, anazidisha muda mara 60, tena mara 100, na sasa kila fremu anaruka kilima kizima, yaani ametengeneza upya namba za kubahatisha kwa njia ndefu zaidi. Kwenye Unity kuna mtego mwingine, `Mathf.PerlinNoise` ukiipa namba kamili kamili kama 1, 2, 3 inakurudishia thamani ile ile kila mara. Sio mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Na wapo wanaosema noizi ni pole mno, moto hauna nguvu. Kweli noizi hupenda kukaa katikati, ni nadra kufika mwisho wa kipimo, na ukijumlisha matabaka inazidi kukaa katikati. Hapo dawa ni kuongeza uzito, 0.25 iwe 0.4. Usiguse kasi jamani, kasi tumeshaipata kutoka kwenye upana wa moto.

Dhana: "Nikiweka `lerp` kwenye namba za kubahatisha ni kitu kile kile."

Nusu kweli. Ukichagua namba mpya kila sekunde 0.2 na kuteleza kutoka moja kwenda nyingine, umejitengenezea noizi ya kienyeji yenye tabaka moja, na inasaidia. Lakini wengi wanaandika `lerp(light_energy, randf_range(1.0, 3.0), 0.1)` kila fremu, na ile 0.1 inategemea fremu tena, tumerudi palepale kwenye 30 na 144.

Dhana: "Matabaka zaidi, moto bora zaidi."

Nimewahi kukuta mtu ameweka manane, kila moja mara mbili ya lililotangulia. Anza na 0.4 uzidishe mara mbili mara saba, unafika mara 51 kwa sekunde. Skrini ya fremu 60 haiwezi kuonyesha kitu kinachopita mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo matabaka ya juu yanageuka kuwa uchafu. Matatu yanatosha.

Dhana: "Gemu za zamani zilikuwa zinabahatisha tu na zilipendeza."

Quake ya 1996 haikubahatisha. Kila mtindo wa taa ulikuwa mstari wa herufi, `a` giza, `m` kawaida, `z` mara mbili ya kawaida, na ilisoma herufi 10 kwa sekunde hata kompyuta iwe na kasi gani. Taa ya kucheza ya kwanza ni hii:

```
mmnmmommommnonmmonqnmmo
```

Isome taratibu. Karibu zote ni m, n na o, jirani kwa jirani, halafu `q` moja tu. Mtu alikaa akaandika kwa mkono mwanga usioruka mbali na ulipokuwa, kwa kasi isiyojali fremu.

Dhana: "Mwanga ukipanda na kushuka inatosha."

Kwa mwenge wa mbali, inatosha. Kwa ule ulio karibu na mchezaji hapana, manake kile kivuli cha kikombe hakikuwa kinafifia tu, kilikuwa kinatembea. Sogeza taa yenyewe sentimita 1 mpaka 3, kwa mistari mingine miwili ya noizi ile ile. Ila ujue gharama: kuita noizi mara tano kwa fremu ni bure kabisa, kinachokula mashine ni vivuli. Godot haichori upya kivuli cha `OmniLight3D` kama taa na vitu vilivyo karibu nayo havijasogea, ukiisogeza kila fremu unailazimisha ichore kila fremu. Kwenye korido ile nikasogeza mwenge mmoja tu wa mlangoni, mitatu ikabaki inabadilika nguvu tu, na hakuna aliyegundua.

Rangi nayo usiipe noizi yake peke yake. Tumia ile ile `jumla`, ikishuka punguza kijani kidogo na bluu zaidi ili mwanga uende kwenye wekundu. Ukiipa noizi tofauti utapata moto unaofifia huku unakuwa mweupe, na hiyo mtu anaihisi ni feki hata kama hajui kwa nini.

Mshumaa sasa, na hili nawaomba sana. Mshumaa mmoja kwenye chumba kisicho na upepo karibu hauchezi kabisa. Kwa mshumaa wa mezani chukua skripti ile ile, kati na kali zishushe mpaka 0.02 na 0.01, pole iwe 0.05, na ziache hivyo mpaka mlango ufunguliwe. Mlango ukifunguliwa pandisha zote tatu kwa sekunde moja halafu zishushe polepole kwa sekunde mbili au tatu. Jamaa wa korido alikuwa na mshumaa kwenye chumba cha mwisho, unatetemeka muda wote kama una homa, tukautuliza hivyo, na mara ya kwanza alipofungua mlango akauona unainama alisimama pale pale kwenye gemu yake, akawa anaufungua na kuufunga tu.