Zile dola bilioni 1.5 hazikulipwa kwa kosa la kufundisha mashine

Nimetumiwa tena ule ujumbe, safari hii na mwandishi ninayemheshimu, ukiwa na alama ya kusambazwa mara nyingi. Unasema kampuni ya akili mnemba imewalipa waandishi dola bilioni 1.5 kwa sababu mahakama ya Marekani imeamua kwamba kufundisha mashine kwa vitabu vya watu ni wizi. Kisha kuna wito: waandishi wa Kiswahili nasi tudai chetu.

Jaji alisema kinyume. Nimeshaeleza hili kwa mdomo mpaka limenichosha, kwa hiyo naliandika, na atakayenitumia ujumbe ule tena nitamrushia kiungo cha ukurasa huu bila hata salamu.

Kesi ni Bartz dhidi ya Anthropic, ndiyo kampuni yenyewe iliyolipa. Ilifunguliwa Agosti 2024 San Francisco na waandishi watatu, mbele ya Jaji William Alsup. Huwezi kufundisha modeli ya lugha, yaani mashine inayotunga maandishi, bila kunakili: kitabu kinashushwa, kinasafishwa, kinakatwa vipande, kinanakiliwa tena. Kampuni haikubisha kwamba ilinakili. Ilijitetea kwa matumizi ya haki, yaani kunakili kunakoruhusiwa bila idhini ya mwenye kazi, utetezi ambao sheria ya Marekani inaupima kwa mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwenye soko la kazi ile.

Tarehe 23 Juni 2025 Alsup alitoa uamuzi, na jambo la kwanza alilofanya ni kukataa kuichukulia kesi nzima kama swali moja. Alitenganisha nakala kwa makundi. Nakala za kufundishia modeli: matumizi ya haki, tena akasema yanaigeuza kazi kuwa kitu tofauti kwa kiwango kikubwa mno. Vitabu vya karatasi ambavyo kampuni ilivinunua kwa mamilioni, ikaving'oa jalada, ikaviskani na kuzitupa karatasi: matumizi ya haki pia, kwa kuwa nakala moja iliyonunuliwa ilibadilishwa umbo tu na haikuongezeka. Halafu kundi la tatu. Zaidi ya nakala milioni saba za vitabu zilishushwa kutoka maktaba za kiharamia kama LibGen na kuwekwa kwenye maktaba kuu ya kampuni. Hapo alisema hapana.

Hapana yake ilihusu kujijengea maktaba kwa vitabu vya wizi. Baadhi ya vitabu vile havikutumika kufundishia chochote, na kampuni iliendelea kuvitunza hata ilipoamua kwamba haitavifundishia. Kwa Alsup, kuwa na maktaba ni matumizi yanayojitegemea, na maktaba hiyo ilichukua nafasi ya vitabu ambavyo vingenunuliwa. Kutumia baadaye sehemu yake kwa jambo halali hakuisafishi.

Wanaosambaza ule ujumbe hukasirika nikifika hapa, wanadhani naitetea kampuni. Basi wasikilize na upande wa pili, kwa maana hata hiyo tofauti kati ya kuiba na kufundisha mimi mwenyewe sina uhakika kama itadumu.

Siku mbili baadaye, tarehe 25 Juni, katika mahakama hiyohiyo, Jaji Vince Chhabria aliamua kesi ya Kadrey dhidi ya Meta. Waandishi kumi na watatu, na LibGen ileile. Chhabria hakukata mambo vipande kama mwenzake. Alisema kushusha kitabu lazima kupimwe kwa kuangalia kilishushwa kwa ajili ya nini. Kama lengo la mwisho ni kufundisha na kufundisha kunageuza kazi, basi kushusha kunafuata mkondo huo, ingawa uharamia haukuwa jambo la kupuuzwa. Majaji wawili, jengo moja, wiki moja, jibu tofauti kwa tendo lilelile. Mahakama ya rufaa haijawasuluhisha kwa kesi hizi. Ukinilazimisha kuchagua, kwa maktaba iliyotunzwa bila kutumika namfuata Alsup. Lakini kwa nakala iliyoshushwa leo, ikatumika kesho na kufutwa keshokutwa, sioni hoja yake inasimama wapi.

Meta ilishinda, na hapo ndipo unapopatikana uvumi wa upande wa pili, ule wa vijana wa teknolojia: "mahakama imeruhusu, mjadala umekwisha." Hawa nao hawajasoma. Chhabria aliandika waziwazi kwamba uamuzi wake hausemi kuwa alichofanya Meta ni halali. Unasema waandishi wale walileta hoja zisizofaa na ushahidi pungufu. Na uamuzi huo unawafunga hao kumi na watatu peke yao.

Walikosea wapi? Kwenye jambo la nne, soko. Walidai kwanza kwamba modeli inatapika vitabu vyao. Ushahidi ukaonyesha kwamba hata ikibanwa makusudi haikutoa zaidi ya maneno hamsini mfululizo ya kitabu chochote chao. Wakadai pia kwamba wamenyimwa soko la kuuza leseni za kufundishia. Hoja hii inazunguka mduara: huwezi kusema umepoteza ada ya leseni kabla hujathibitisha kwamba leseni ilihitajika, na hilo ndilo swali lenyewe.

Hoja aliyoitamani jaji, ambayo waandishi waliigusa kwa ncha ya kidole tu, ni ya soko kufurika. Kwamba modeli iliyofundishwa kwa riwaya za mapenzi itazalisha riwaya za mapenzi kwa maelfu, hakuna hata moja iliyonakili sentensi ya mtu, lakini zote kwa pamoja zinamfukuza mwandishi rafuni. Alsup alikuwa ameikataa hoja hiyohiyo: alisema ni sawa na kulalamika kwamba kuwafundisha watoto wa shule kuandika vizuri kutaleta utitiri wa vitabu shindani. Chhabria akamjibu kwamba kufundisha watoto si sawa hata kidogo na kutengeneza chombo kinachomwezesha mtu mmoja kuzalisha maandishi yasiyo na idadi kwa sehemu ndogo ya muda na ubunifu.

Moyo wangu uko kwa Chhabria, kichwa changu hakijafika. Hakimiliki siku zote imezuia nakala inayochukua nafasi ya kazi yako. Haijawahi kumzuia mshindani anayeandika kitabu kingine juu ya mada ileile. Ukiruhusu kufurika kuhesabiwe, unalinda aina nzima ya uandishi, na sijui mpaka utauweka wapi. Hata hivyo, Chhabria alisema athari itatofautiana na aina ya kazi, na hilo linaniingia akilini: mashairi ya mtu mwenye sauti yake si sawa na miongozo ya kupanda nyanya.

Wachoraji, kwenu nitasema haraka: mtindo wako haulindwi. Mtu akichora kwa mkono kama wewe huwezi kumshtaki, na mashine kuiga mtindo peke yake nako hakutoshi. Kinachobishaniwa katika kesi ya wachoraji dhidi ya Stability AI, kampuni ya modeli ya kutengeneza picha, iliyofunguliwa Januari 2023, ni picha zilizonakiliwa wakati wa kufundisha na kama modeli yenyewe imezihifadhi. Kuhusu hilo la kuhifadhi, Novemba 2025 mahakama mbili za Ulaya zilipishana ndani ya wiki moja. Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya Getty Images, kampuni inayouza picha, dhidi ya Stability AI hiyohiyo, ilisema modeli ya picha si nakala haramu kwa kuwa haihifadhi picha. Mahakama ya Munich, katika kesi ya GEMA, chama cha haki za wanamuziki wa Ujerumani, dhidi ya OpenAI wenye ChatGPT, ilisema mashairi ya nyimbo yaliyokaririwa ndani ya modeli ni nakala. Tofauti kubwa ni ushahidi: Munich ilioneshwa nyimbo tisa zikitoka kwa maagizo mepesi tu.

Sasa fedha. Kama kufundisha kulikuwa halali, bilioni 1.5 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye hesabu. Julai 2025 Alsup aliruhusu wenye vitabu vya kiharamia washtaki kwa pamoja kama kundi. Sheria ya Marekani inampa mwenye kitabu kilichosajiliwa fidia kuanzia dola 750 kwa kila kazi, na ikithibitika ni makusudi inaweza kupanda hadi 150,000, bila kuthibitisha hasara yoyote. Orodha ya mwisho ilikuwa na kazi 482,460. Zidisha mwenyewe: cha chini kabisa ni takriban dola milioni 362, cha juu kinapita bilioni 72. Kesi ilipangwa kusikilizwa Desemba. Hakuna mkurugenzi anayekwenda kucheza kamari hiyo mbele ya wazee wa baraza. Wakapatana kwa takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, na Septemba 25 Alsup akayapa makubaliano idhini ya awali. Makubaliano hayaamui swali la sheria. Hayamfungi jaji mwingine, na hayagusi maandishi ambayo modeli itatoa.

Sasa rudi kwenye namba. Nakala zaidi ya milioni saba zimekuwaje kazi 482,460? Nakala za kujirudia ziliondolewa, ni kweli. Lakini chujio lingine lilikuwa hili: kitabu kiwe na namba ya utambulisho, ISBN au ile ya Amazon iitwayo ASIN, na kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka mitano tangu kuchapishwa, na kabla ya kushushwa au ndani ya miezi mitatu tangu kuchapishwa. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakihesabiki. Cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hakihesabiki. Mwandishi wa Dar au Mombasa ambaye riwaya yake ipo LibGen, na ambaye hakuwahi kujaza fomu Marekani, hayumo kwenye kundi.

Ana haki ya kushtaki peke yake kule, kwa sababu Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unamwondolea mwandishi wa nje sharti la kusajili kwanza. Anachokosa ni ile fidia ya kisheria. Atabaki kudai hasara halisi, na hasara halisi ya nakala moja ya riwaya haifikii ada ya saa moja ya wakili wa huko. Kushtaki hapa nyumbani? Sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inataja matumizi ya bure kwa orodha, na kufundisha modeli sikuoni kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kwenye karatasi tuko na nguvu kuliko Wamarekani. Shida ni kwamba sheria yetu inaishia mpakani, na kompyuta zilizofundisha modeli haziko Kijitonyama. Getty, yenye mawakili wa bei mbaya, ililazimika kuondoa dai lake la kufundisha London kwa kukosa ushahidi kwamba mafunzo yalifanyika Uingereza.

Kwa anayechapisha mwaka huu, fomu ya Marekani inajazwa mtandaoni, dola 45 kama mwandishi ni mmoja, kazi ni moja, hukuandika kwa kuajiriwa na dai ni la jina lako mwenyewe. Vinginevyo dola 65. Miezi mitatu ya kwanza tangu kuchapishwa ndiyo yenye thamani. Usajili huo hautageuza kufundisha modeli kuwa kosa mbele ya Alsup. Utakuingiza kwenye orodha siku nyingine kampuni itakapokutwa na maktaba ya wizi.