Kliki kwenye maungio ya sauti: yanayosemwa na yalivyo

Ukikaa na wahariri wa video hapa Mombasa, wa harusi, wa mawaidha, wa mahojiano ya mitandaoni, utasikia lawama ileile: "Hii maiki imekufa, yatoa kliki." Ingekuwa maiki, kliki ingesikika hata kwenye rekodi ambayo haijaguswa. Kama inasikika pale tu ulipokata, basi mkato ndio ulioizaa.

Chukua mahojiano na nahodha mzee wa jahazi, yamerekodiwa kwenye nyumba ya Mji wa Kale, feni ikizunguka juu. Kwenye faili, sauti ni msururu wa namba, na kwa video huwa ni namba 48,000 kwa sekunde. Umekata "aa" ya nahodha akitafuta neno. Namba ya mwisho ya klipu ya kwanza ni 0.3, na ya kwanza ya klipu inayofuata ni -0.2. Ukikuza picha ya wimbi mpaka namba zionekane mojamoja, utaona mstari uliosimama wima, na huo ndio kliki. Kichujio cha kupunguza kelele hakiukamati, kwa sababu chenyewe kinawinda mvumo unaoendelea, kama wa feni. Mruko wa ghafla hudumu kitambo kidogo mno na hutapakaa kwenye masafa yote, mazito kwa membamba.

Dawa yake ni krosifedi fupi: klipu ya kwanza inafifia huku ya pili ikipanda, kwa milisekunde 5 hadi 10. Milisekunde 10 ni namba 480, nafasi ya kutosha kuugeuza ule mruko kuwa mteremko.

"Kata wimbi linapopita sifuri, hutahitaji krosifedi." Kwa sauti tupu ya mono, mara nyingi itakubali. Kwenye video, mkato hufuata fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu imebeba namba 1,920 za sauti, na hakuna anayekuhakikishia kwamba mpaka wa fremu utaangukia sifuri. Kwa stereo, upande wa kushoto unaweza kuwa sifuri na wa kulia uko juu. Hata pande zote zikikubali, wimbi lililokuwa likishuka linaweza kuungana na linalopanda, na kona hiyo nayo husikika, hasa penye mvumo mzito.

"Krosifedi haigusi muda." Hii ndiyo inayowaumiza watu, na hawajui kilichowapiga. Kuna krosifedi za aina mbili. Ya kwanza inazilaza klipu moja juu ya nyingine, na sauti nzima inafupika kwa urefu wa krosifedi. Amri hii ya ffmpeg ni ya aina hiyo:

```
ffmpeg -i a.wav -i b.wav -filter_complex "acrossfade=d=0.01:c1=tri:c2=tri" c.wav
```

Kwa mkato mmoja huoni kitu. Mahojiano ya nahodha yakiwa na mikato 60, umepoteza milisekunde 600, yaani fremu 15, na kufikia mwisho maneno yanatangulia midomo. Kwa podikasti hakuna neno. Kwa video, tumia aina ya pili, ile ya programu za kuhariri: klipu zinabaki mahali pake, na programu inachota kipande kidogo cha sauti uliyoificha pande mbili za mkato. Kama hakuna cha kuchota, kwa kuwa klipu imetumika mpaka ncha, fifisha mwisho wa ya kwanza na mwanzo wa ya pili kwa milisekunde 5 kila upande, bila kuzilaza.

"Ikiwa ndefu ndiyo laini zaidi." Hapo ndipo ile "aa" hufufuka. Katika Premiere Pro, krosifedi ya kawaida huja na sekunde nzima, na ikikaa katikati ya mkato huchota nusu sekunde ya kile ulichokifuta. Ukiifupisha kwa fremu, ya chini kabisa ni fremu moja, milisekunde 40 kwa video ya fremu 25. Washa `Show Audio Time Units` ndipo uweze kushuka zaidi. Neno linaloanza kwa "p" au "t" likija mara baada ya mkato, ibakishe kwenye milisekunde 3 hivi na uisogeze yote kabla ya herufi, la sivyo mpasuko wake unalegea.

Kuna mkato mmoja ambao hata krosifedi safi haiuponyi. Nahodha anaongea, tuktuk inapita nje, nawe unakata mngurumo ukiwa katikati na kuunga na kipande kilichorekodiwa uchochoro ukiwa kimya. Kliki itaondoka, lakini msikilizaji bado atasikia tuktuk ikizimika ghafla.