Kwa nini chupa moja ya bia ni sawa na toti mbili

Je, toti moja ya pombe kali si inazidi chupa nzima ya bia, maana bia ina asilimia 5 tu na ile ina 40?

Hapana. Chupa ya bia ya mililita 500 ina kilevi mara mbili ya toti ya mililita 30.

Asilimia iliyo kwenye lebo inaeleza ukali, yaani kati ya kila mililita 100 za kinywaji, ngapi ni kilevi kitupu. Haisemi umekunywa kilevi kiasi gani. Ni kama sukari kwenye chai: kikombe kidogo kinaweza kuwa kitamu sana, lakini birika zima la chai isiyokolea likawa na sukari nyingi zaidi. Kwa hiyo ukali lazima uzidishwe kwa ujazo.

Bia: 500 × 5 ÷ 100 = mililita 25 za kilevi. Toti ya asilimia 40: 30 × 40 ÷ 100 = mililita 12. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, yenye asilimia 12, inatoa mililita 18, kwa hiyo inakaa katikati ya hizo mbili.

Wengi huishia hapo na kuziita mililita hizo gramu, wakakosea kwa karibu robo. Kilevi ni chepesi kuliko maji. Mililita moja ina uzito wa gramu 0.789. Bia yetu basi ina gramu 19.7, mvinyo 14.2 na toti 9.5.

Gramu ndizo zinazotumika kwenye kipimo sanifu cha kinywaji, na hapo pana mtego mwingine, kwa kuwa kila nchi ina chake. Uingereza ni gramu 8, Australia 10, Marekani 14. Bia ileile ni vipimo viwili na nusu kwa Mwingereza, na kimoja na nusu hivi kwa Mmarekani. Ukisoma ushauri wowote unaotaja idadi ya vinywaji, tafuta kwanza gramu zake.

Hesabu hii inaonyesha kilichoingia tumboni, si kiwango cha kulewa. Toti inayomezwa kwa mkupuo bila chakula hupanda haraka kuliko bia inayonywewa kwa saa nzima, na uzito wa mwili nao una sehemu yake. Kuongeza soda hakupunguzi kilevi hata tone. Kunapunguza ukali tu.

Nyumbani kosa kubwa huwa kwenye kumimina. Toti ya kukisia kwa jicho hufika mililita 50 kwa urahisi, na hapo kilevi ni mililita 20, karibu sawa na bia nzima. Chang'aa na gongo hazina lebo, na ukali wake hubadilika kutoka mpiko mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kanuni hii haina namba ya kuanzia.