Je, wajua kwa nini maji hujiinua ghafla baada ya kushuka banio?

"Pale kwenye banio letu maji yakishashuka yanakimbia membamba, halafu mbele kidogo yanavimba na kutoa povu kama yamegonga jiwe, na jiwe halipo. Kwa nini? Na wataalamu wanajuaje lita zinazopita kwa kutazama rula tu?" (mkulima wa mpunga, bonde la Luiche, Kigoma)

Yamegonga maji mengine yaliyotangulia, yanayokwenda polepole. Kwenye banio lenyewe ni vigumu kuliona hilo, maana maji ya Luiche yana tope. Sisi tuliliona ndani ya mfereji wa kioo ambao fundi wa madirisha wa Mwanga alitugandishia kwa silikoni: upana sentimita 10, urefu mita 2. Pampu inavuta maji kutoka kwenye pipa, yanapita mferejini na kurudi pipani. Katikati tulisimamisha kizingiti cha bati, kimo sentimita 10, ukingo wake wa juu umechongwa ukawa mkali.

Tuanze na rula. Nyuma ya kizingiti maji hupanda mpaka yapate kimo cha kutosha kuvuka, na kila kimo kina kiasi chake cha maji. Kanuni ni hii:

Q = 1.84 × b × h^1.5

Hapo Q ni kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, b ni upana na h ni kimo cha maji juu ya ukingo, hivi viwili kwa mita. Ile 1.84 ilitokana na majaribio ya James Francis huko Lowell, Marekani, miaka ya 1850. Kwetu h ilikuwa sentimita 3, kwa hiyo Q ikawa mita za ujazo 0.00096 kwa sekunde, yaani lita 0.96. Tukakinga ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 20 na nusu: lita 0.98. Kwa bati na silikoni, sikutegemea zaidi ya hapo.

Ila rula ina masharti. Sifuri yake iwe usawa wa ukingo wa bati, si sakafu ya mfereji. Isomwe mbali kidogo nyuma, angalau mara nne ya h, kwa sababu uso wa maji huanza kuinama kabla ya kufika ukingoni. Kwetu ilikuwa sentimita 12. Ukikosea milimita 1 tu kwenye kimo cha sentimita 3, hesabu inapotoka kwa asilimia 5.

Siku ya kwanza tulikosea zaidi ya hapo. Rula ilisoma sentimita 2.7, sawa na lita 0.82, lakini ndoo ikashikilia 0.98. Tulimlaumu mwenye saa, maskini. Kumbe pazia la maji linaloanguka lilikuwa limeziba mfereji ukuta hadi ukuta, likanyonya hewa yote iliyokuwa chini yake, kisha likavutwa na kung'ang'ania bati. Pazia likivutwa hivyo, maji mengi hupita kwa kimo kidogo. Dalili yake ni pazia kutetemeka na kujikunja kurudi nyuma. Tulipenyeza mrija wa soda chini yake ili hewa iingie, likaachia bati papo hapo.

Sasa mruko wenyewe, yaani kule kuvimba kwa maji ulikouliza. Chini ya kizingiti maji yetu yalikuwa na kina cha milimita 7 na mwendo wa karibu mita 1.4 kwa sekunde. Kiwimbi kwenye kina hicho husafiri kwa mita 0.26 tu kwa sekunde. Chovya kidole: viwimbi vyote vinasombwa kwenda chini kama mkia wa mtumbwi, hakuna hata kimoja kinachopanda. Kwa hiyo maji yanayokimbia hayapati habari kwamba mbele kuna maji mazito yaliyozuiwa na kibao cha mwisho wa mfereji. Hayana nafasi ya kupunguza mwendo taratibu. Yanakutana nayo ghafla, yanapinduka, na kina kinaruka hadi milimita 48. Mwendo unabaki mita 0.2 kwa sekunde, na karibu nusu ya nguvu ya maji imeishia kwenye lile povu.

Mruko hukaa mahali pake kibao kinaposhikilia kina hichohicho cha milimita 48. Ukikishusha, mruko unasukumwa kwenda chini mpaka unatoka mferejini. Ukikipandisha, unarudi kuubana ukuta wa kizingiti na kuzama, na maji ya mbele yakishapita ukingo wa bati, kanuni yetu haifai tena.

Tulimwaga mchanga wa Kibirizi sakafuni mbele ya kizingiti. Mruko ulipokaa juu ya kioo kitupu, mchanga wa mbele ulitulia. Tuliposhusha kibao mruko ukahamia juu ya mchanga, na dakika chache baadaye palikuwa na shimo. Urefu wa mruko ni kama mara sita ya kina cha baadaye, kwetu sentimita 29 hivi. Kwenye banio lenu, zege la chini lazima liufunike urefu huo wote. Likiishia kabla, shimo litachimbika pale zege linapokoma, na kuanza kulila kwa chini.